Beti Moja Juu ya Bilauri ya Ukwaju

Wazungu wanapokusanyika nyumbani kwa rafiki, huwa na ada ya mtu mmoja kusimama, akainua bilauri yake, akasema maneno mawili matatu ya kumtakia mwenyeji heri na afya, kisha wote wakanywa. Sisi watu wa mwambao mvinyo si kinywaji chetu, wala bilauri hatuzigonganishi. Lakini msomaji mpenzi asidhani kwamba ada hiyo hatunayo. Tunayo, ila yetu huja na sharbati au na kikombe cha kahawa, na msemaji hasimami bali huketi pale pale mkekani. Baada ya sinia kuondolewa na mikono kuoshwa, mtu mzima mmoja husema, "Ebu fulani, tuburudishe," na fulani hutoa beti moja ya kumshukuru mwenye nyumba. Beti moja tu. Akizidisha, watu huanza kutafuta viatu vyao.

Leo nataka kuizungumza beti hiyo, na hasa namna yake moja iliyo ngumu kuliko zote: ile ambayo kwa nje ni shukrani ya mwenyeji, na kwa ndani ni salamu kwa mtu mmoja miongoni mwa wageni, ambaye mtungaji amempenda na hajapata kumwambia. Nitaieleza kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe mwaka 1995, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilipokuwa kijana mwenye wino mwingi na akili kidogo. Majina na mtaa sitavitaja. Kinywaji nitakitaja, kwa sababu bila ya kinywaji hicho kisa hakipo.

Mkoba wa ukwaju

Rafiki yangu mmoja alikuwa amehamia nyumba mpya, akaalika watu usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha. Yasomwe maulidi mafupi, iliwe biriani, watu waombe dua, waondoke. Wanaume tungekaa ukumbini, na wanawake chumba cha ndani, baina yetu pazia la kitambaa. Kila aliyelelewa katika nyumba zetu anajua pazia hilo lilivyo. Macho hayapiti, lakini sauti hupita yote, na anayesema ukumbini huwa ana wasikilizaji wa pande mbili, nusu yao hawaoni.

Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa barazani kwetu, akapita mtoto wa rafiki yangu huyo na mkoba mzito. Nikamwuliza amebeba nini. Akasema ni ukwaju wa sharbati ya karamu, ametumwa kuuchukua katika nyumba fulani yenye mkwaju uani. Kisha akaongeza bila ya kuulizwa, kama watoto wafanyavyo, kwamba binti wa nyumba ile ndiye atakayekuja kuukamua, kwa kuwa mama yake amemwomba msaada.

Nyumba ile nilikuwa nikiijua. Binti yule alikuwa akipita mbele ya baraza yetu kila alasiri akienda kusomesha watoto wa chuoni, na mimi kila alasiri nilikuwa na kazi ya kukaa barazani. Hatujawahi kusema zaidi ya salamu. Aliitikia kwa adabu, akaenda zake. Hilo ndilo lote nililokuwa nalo, na mtoto yule akaniongezea mkoba wa ukwaju.

Asiyepata kutengeneza sharbati hii huenda asijue kwa nini nilifurahi. Ukwaju haukamuliwi papo hapo. Kwanza hutolewa maganda na nyuzi, kisha hulowekwa usiku kucha hata nyama yake ilainike. Asubuhi hupondwa kwa mkono ndani ya maji, vidole vikitenganisha kokwa na nyama, kisha huchujwa kwa kitambaa chepesi, ndipo hutiwa sukari na iliki na barafu. Ni kazi ya mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Basi bilauri nitakayopewa Jumamosi usiku nitajua imetoka mkononi mwa nani, na ukumbini hapana mwingine atakayejua. Nikaona hapa pana beti.

Mahali pa dokezo katika dini

Kabla ya kueleza utungo wenyewe, yafaa nilijibu swali ambalo wasomaji wangu wengine wamekwisha kuliuliza vifuani mwao: je, jambo hili lafaa? Tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba katika Suratul Baqara, aya ya 235, pametajwa mwanamume anayedokeza nia ya kumposa mwanamke aliye katika eda. Aya haimhesabii dhambi anayedokeza, wala anayelificha jambo moyoni mwake, lakini inamkataza kuahidiana kwa siri ila kwa kusema maneno mema, na inamkataza kufunga ndoa mpaka muda utimie. Wanavyuoni wetu wakatenga baina ya kusema wazi, na kudokeza kwa neno linalochukua maana mbili.

Aya ile inamhusu mwenye eda, na mimi si mufti wa kuipeleka kwingine. Nimeitaja kwa sababu moja. Inaonyesha kwamba dokezo ni kitu kinachojulikana, chenye mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo inayotenganisha fumbo na utovu wa haya. Mtungaji wa pwani huongeza miwili mingine. Hausifu mwili wa mtu mbele ya watu, wala halitaji jina lake. Na kubwa kuliko hayo, hamwelekei mwanamke ambaye amekwisha kuposwa na ndugu yake Mwislamu, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Mpaka huu wa mwisho ndio uliokuja kunigusa, kama mtakavyoona.

Beti ya kwanza na kosa lake

Usiku ule wa Ijumaa nilikaa na kibatari changu cha mawazo. Bahari niliyoichagua ni ile iliyozoeleka kwetu, ya mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanywa vipande viwili vya nane nane. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Ukwapi una kina chake, na utao una chake. Hii ndiyo bahari aliyoipigia maji sana Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, na faida yake kwa kazi kama hii ni kwamba sikio la kila mtu limekwisha kuizoea. Mizani ikitimia, msikilizaji huridhika na haichunguzi. Mizani ikipunguka hata moja, hushtuka, na akishtuka huanza kuyapima maneno yote. Mwenye fumbo hataki maneno yake yapimwe.

Kina cha utao nilikiona upesi. Sharbati ni baridi, na "baridi" ina ndugu wengi: idadi, zaidi, ahadi, muradi, hasidi. Kina cha ukwapi nikakifanya "a" iliyovutwa, ya jaa na twaa na kataa. Hata karibu na alfajiri nilikuwa nimepata beti hii:

Nyumba yako imejaa, baraka ziso idadi,
Bilauri naitwaa, ukwaju ulo baridi,
Kiu yangu yakataa, yataka tena zaidi,
Mkono ulokamua, Mola aupe muradi.

Nikajiona malenga. Jumamosi baada ya Alasiri nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa saa, ambaye alikuwa akitusahihishia tungo zetu kwenye kibanda chake, kioo cha fundi kikiwa bado jichoni. Nikamwamkia, nikamsomea. Akanyamaza kitambo.

"Karamu ni kwa nani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ana mke?"

"Ana mke, Ami."

"Basi, mwanangu, usiku wa leo utampigia mtu hodi kwa mkewe."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kwamba hapana la kuchekwa. Mimi nilijua ukwaju umekamuliwa na nani, lakini ukumbini hapana aliyejua. Kila mwanamume atakayesikia "mkono ulokamua" atafikiri mkono wa mwenye nyumba, kwani katika nyumba ya mtu mkono unaotengeneza sharbati ni wa mkewe. Na mshororo wa tatu, ulio juu yake, unasema kiu yangu haijatosheka. Nilikuwa nimetunga beti ambayo maana yake ya ndani ni njema, na maana yake ya nje ni tusi.

Hapo yule mzee akanifundisha jambo ambalo tangu siku ile sijaona kitabu kilichoniambia vizuri zaidi. Alisema vijana tunashughulika na kuficha maana ya ndani, na ile ya nje tunaitupa kama kanga kuukuu ya kufunikia. Ndiyo maana tunafumwa. Maana ya nje ndiyo nyumba, na lazima iwe nyumba kamili, yenye paa na mlango, ambayo mtu anaweza kuikaa bila ya kujua kwamba mna chumba cha siri. Akanipa mtihani wake. Mtoe yule unayemkusudia, mtoe kabisa, mfanye hakuzaliwa. Kisha isome beti. Je, bado inamfaa mwenyeji? Bado ni kweli? Bado ina ladha? Kama jawabu ni ndiyo, twende mbele. Kama kuna neno hata moja linalobaki likielea, lisilo na kazi kwa mwenyeji, neno hilo ndilo litakalokuchongea.

Akaongeza mtihani wa pili. Yule unayemkusudia akiulizwa na shangazi yake, "Je, ni wewe?" aweze kusema "Mimi wapi?" bila ya kusema uongo. Fumbo linalomwacha mwanamke bila ya mlango wa kutokea si mapenzi, ni mtego.

"Na tena," akasema huku akirudi kwenye saa yake, "kamua na kataa si ndugu wa tumbo moja. Vina vyako vya juu vinavuta, hiki cha chini kinaruka."

Jina hakuniuliza. Nilipotaka kumwambia akaniwekea mkono mdomoni.

Mkono ukawa mti

Nilirudi nyumbani nikiupindua mshororo wa mwisho. Mishororo mitatu ya kwanza ilikwisha kupita mtihani. Nyumba, bilauri, kiu ya mgeni anayesifu kinywaji: yote ni ya mwenyeji. Kilichotakiwa ni kimalizio kisichogusa mkono wa mwanamke yeyote, na bado kimfikie mmoja. Nikakumbuka maneno ya mtoto: nyumba yenye mkwaju uani. Ukwaju una mkono ulioukamua, lakini pia una mti ulioutoa. Mkono ungedhaniwa ni wa mke wa rafiki yangu. Mti haungedhaniwa ni wa mtu, kwa sababu ukumbini hapana anayejali ukwaju umetoka mti gani. Ila yule aliyeulea mti ule uani kwao. Yeye angejua. Nikabadilisha:

Nyumba yako imejaa, baraka ziso idadi,
Bilauri naitwaa, ukwaju ulo baridi,
Kiu yangu yakataa, yataka tena zaidi,
Na mti ulouzaa, usifikwe na hasidi.

Mpenda kuhesabu na ahesabu: na-m-ti-u-lo-u-za-a, nane, u-si-fi-kwe-na-ha-si-di, nane. Na "zaa" imekaa na jaa, twaa na kataa kama walionyonya ziwa moja. Kwa nje ni dua ya mgeni anayeombea mema hata mti uliomnywesha, asiupitie mwenye kijicho, na dua ya kukinga husuda katika nyumba mpya ni mahali pake hasa. Kwa ndani, mti ni yeye na kwao, na hasidi ni mposaji mwingine yeyote anayeweza kutangulia. Kijana wa miaka ishirini na kitu huona wanaume wote wengine kuwa mahasidi.

Jambo lililonisikitisha ni kulipoteza neno "muradi", ambalo nililipenda. Lakini halikuwa na nafasi tena. Nikaliacha.

Ukumbini

Usiku ule mambo yalikwenda kama yaendavyo. Maulidi yakasomwa, sinia zikaja zikaondoka, na sharbati ikaletwa katika majagi mawili. Mzee mmoja akasema, "Kijana, tuburudishe." Nikaitwaa bilauri kwa mkono wa kulia, nikapiga bismillahi, nikanywa funda moja. Hilo ni la lazima. Asiyeonja akasifu huonekana amekuja na sifa zake mfukoni. Kisha nikamgeukia mwenyeji.

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na si kwa maneno bali kwa macho. Niliwahi kumwona kijana mmoja katika harusi akitoa beti nzuri sana, nayo inasema juu ya bwana arusi, lakini shingo yake imepindia dirishani walikokuwa wanawake. Watu hawakusikiliza tena maneno, wote waliifuata shingo. Kijana huyo huyo alikuwa ameficha jina la binti katika herufi za mwanzo za mishororo, akidhani ni hila kubwa. Palikuwa na maalimu mkekani, mtu ambaye maisha yake yote ni kusoma herufi, akaliunganisha kabla beti haijaisha. Jina lililofichwa bado ni jina. Na wako wanaofikiri wameficha kwa kusema asumini au waridi au njiwa. Maneno hayo yametumiwa miaka mingi kwa kazi hiyo moja, hata anayeyataja huwa amekwisha kupiga ngoma. Afadhali ukwaju, ambao haujapata kumsingizia mtu.

Basi nikamtazama rafiki yangu usoni, nikaitoa beti polepole, nikipumzika baada ya kila ukwapi. Wanaume wakasema "Ahsanta, ahsanta," na mwenyeji akafurahi mno, akaomba irudiwe. Nikairudia. Lakini sikio langu lilikuwa kwingine. Mara ya kwanza, upande wa pili wa pazia vyombo vilikuwa vikigongana na wanawake wakizungumza. Mara ya pili, nilipofika kwenye mti, vyombo vikanyamaza.

Mwenye kutaka kujua kama fumbo lake limefika na asisubiri kicheko. Kicheko ni cha walioelewa maana ya nje. Aliyeipata ya ndani hunyamaza kwanza, kwa kuwa anaipima.

Kahawa ilikuwa haijaletwa bado, labda ni muda wa kumaliza bilauri moja na nusu, iliposikika sauti ya bibi mmoja mzee nyuma ya pazia ikisema, "Na sisi huku tuna jawabu letu." Ukumbi ukachangamka. Ada ni kwamba anayejibu hurudi kwa bahari ile ile na vina vile vile, na huo ndio ugumu wake, maana mtungaji wa kwanza amekuwa na usiku kucha na mjibu ana dakika chache. Bibi yule akasema:

Tumesikia shujaa, maneno yako ya jadi,
Mti kabla ya kuzaa, ulitolewa ahadi,
Kiu usione baa, maji yapo ya baridi,
Kunywa ulichokitwaa, nawe upate muradi.

Wanaume wakaangua kicheko. Kwa nje jawabu lilikuwa tamu: ukwaju huu uliahidiwa karamu hii tangu haujazaa, umepimwa, hakuna wa nyongeza, na mgeni mlafi anywe maji. Mwenyeji alicheka hata akajifuta machozi. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa ilinibidi.

Lakini nilikuwa nimeisikia. Mti ulitolewa ahadi kabla ya kuzaa: amekwisha kuahidiwa mtu, zamani, kabla hujamwona. Kiu usiione kuwa balaa: utapona, wako wengine. Kunywa ulichokitwaa: salamu yako nimeipokea, haikunichukiza, na hapo ndipo inapokoma. Kisha lile neno nililoliacha mezani kwangu, likarudi kwangu kutoka upande wa pili wa pazia: nawe upate muradi. Nilinyanyua bilauri nikainywa yote, kwa mapumziko matatu kama tulivyofundishwa, na kila funda likanipita kwa uchachu wake.

Kilichobaki

Baada ya miezi michache niliona harusi yake ikipita mtaani. Alikuwa ameposwa na mtoto wa ami yake, na jambo lilikuwa halijatangazwa. Kama ningaliipeleka ile beti ya kwanza, ningalimtia doa mke wa rafiki yangu na kumfadhaisha binti wa watu, na mposaji wake angalikuwa na haki ya kunikasirikia. Kama ningalisema wazi, angalilazimika kunikataa wazi. Ilivyokuwa, nilimwuliza mbele ya watu arubaini, akanijibu mbele ya watu arubaini, na hapana aliyeaibika. Alasiri ya pili yake alipita mbele ya baraza, nikamtolea salamu, akaitikia kwa adabu ile ile. Hakupindisha njia. Hilo peke yake lilinitosha kujua kwamba mtihani wa pili wa yule fundi wa saa niliupita.

Tunapozisoma leo tungo za Muyaka, tunasoma zile ambazo Mwalimu Sikujua na Mzungu Taylor waliziokota vinywani mwa watu, zikatolewa kitabu na Hichens mwaka 1940. Nyingine zinatupiga chenga, na mara nyingi si kwa lugha yake. Tumepoteza karamu. Hatujui nani alikuwa amekaa wapi, nani ametuma ukwaju, nani alinyamaza. Fumbo huishi kadiri waishivyo walioijua bilauri. Ndiyo sababu moja ya mimi kuandika haya.

Sababu ya pili ni rafiki yangu. Kwa miaka karibu thelathini beti ile aliitaja kuwa ni yake. Alimwandikisha fundi wa khati, akaitia fremu, akaitundika ukumbini, na kila mgeni humwambia, "Hii nilitungiwa siku tuliyohamia." Kila nikienda kwake nakaa chini yake. Nilikuwa nikiona haya, kama mtu aliyempa mwenzake sarafu yenye nyuso mbili na kumwonyesha uso mmoja.

Mwaka jana, tukiwa wawili barazani, nikaungama. Nikamweleza mkoba, mtoto, fundi wa saa na mti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na yale uliyosema juu ya nyumba yangu, yalikuwa kweli?"

Nikamwambia yalikuwa kweli, kila herufi.

"Basi beti ni yangu," akasema. "Wewe ulikuwa na mshororo mmoja, mimi nina mitatu. Na sukari nililipa mimi."

Akamwita mkewe aje asikie kichekesho. Bi mkubwa akaja mlangoni, akasikiliza maneno mawili, akakatiza. Akasema hilo analijua tangu usiku ule ule, kwa sababu ile jawabu haikutungwa na bibi mzee. Bibi alikuwa na sauti tu. Aliyetunga alikuwa amekaa sakafuni kando ya beseni, vidole bado vina rangi ya ukwaju, akihesabu mizani kwa kokwa. Alizipanga nane nane, akambisha bibi sikioni, kisha akainuka kwenda kuosha majagi.

Rafiki yangu akamgeukia mkewe kwa mshangao. "Miaka yote hii, hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema Bi mkubwa. "Na tena ilikuwa siri ya mgeni wetu."

Fremu bado ipo ukutani.